Nati ya Kufumba: Kitabu cha Leithi ya Kichina Mikononi mwa Fundi wa Dar

Katika vitabu vingi vya maelekezo ya leithi, yaani mashine za kukerezea chuma, zinazotoka China kuna sentensi fupi kwenye kurasa za usalama. Kwa Kichina inasema kwamba spidi inapobadilishwa, lazima mashine iwe imesimama. Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kufungua boksi la gia: ukisukuma hendeli ya spidi wakati gia zinazunguka, meno yanagongana pembeni, yanamomonyoka, na siku moja jino linakatika na kusambaa ndani ya oili. Sentensi hiyo haina utata wowote kwa mtu anayesoma Kichina.

Utata unaanza inapopitia Kiingereza. Kitenzi cha Kichina cha kusimamisha mashine ndicho hicho hicho cha kusimamisha au kuegesha gari, na Kiingereza kinachowekwa ndani ya kasha pamoja na mashine mara nyingi kimeandikwa na mtu asiyeijua karakana. Nimeikuta sentensi hiyo ikizungumzia maegesho. Mfasiri wa Dar es Salaam aliyepewa nakala ya Kiingereza peke yake, akiwa ofisini, bila mashine mbele yake, anafanya moja kati ya mambo mawili: anaandika jambo lisilo na maana kuhusu kuegesha, au anairuka sentensi. Yote mawili yanamfikia fundi kama ukimya.

Msimamo wangu katika makala haya ni kwamba kitabu cha mashine ya Kichina kifasiriwe kutoka Kichina, kifasiriwe mashine ikiwepo, na jina jipya la kifaa lipimwe kwa amri linayoizaa, si kwa uzuri wake likiwa peke yake kwenye orodha. Nitaeleza kwa mfano mmoja, yaani leithi, au kwa Kiswahili cha zamani kerezo, ya aina ya CA6140. Nimeichagua kwa sababu hutengenezwa na viwanda vingi na muundo wake unafahamika sana. Herufi C inasimamia leithi kwa Kichina, tarakimu 6 inaonyesha kundi la leithi za kulala, na 40 ya mwisho ni kipenyo kikubwa kabisa cha kazi, yaani chuma kinachokerezwa, inayoweza kuzunguka juu ya kitanda, sentimita 40. Fundi akifasiriwa hayo tu kwenye ukurasa wa kwanza, ataweza kuusoma ubao wa mashine yoyote ya jamii hiyo kabla hajaulizwa bei.

Sasa tutazame mbele ya mashine. Chini ya toroli linalobeba kisu, fimbo mbili ndefu zinapita sambamba na kitanda kutoka kushoto kwenda kulia. Moja ina thredi, yaani meno ya skrubu, nene mwili mzima. Nyingine haina thredi. Ya kwanza hutumika kukata thredi tu, kwa sababu inalivuta toroli kwa kipimo kisichoyumba: chaki, yaani kibanio kinachoishika na kuizungusha kazi, ikizunguka mara moja, kisu kinasogea umbali uleule kila mara. Ya pili hutumika kwa kazi za kila siku za kupunguza kipenyo na kusawazisha uso. Ukitumia ya kwanza kwa kazi za ya pili, unaila thredi yake, na mashine inapoteza kipimo chake cha kukatia thredi milele, mpaka fimbo ibadilishwe.

Katika karakana nyingi za Gerezani na Vingunguti zote mbili zinaitwa shafti. Fundi mwenyewe hachanganyi, kwa kuwa anaonyesha kwa kidole. Kitabu hakina kidole. Hapa ndipo jina jipya linapohitajika kweli, na hapa ndipo tafsiri ya kupitia Kiingereza inapoanguka vibaya. Kichina huiita ya kwanza fimbo ya thredi na ya pili fimbo tupu, isiyo na kitu mwilini. Lakini neno la thredi hapo linatumia alama ya hariri, na neno la utupu linatumia alama ya mwanga. Kiingereza cha kasha huweza kuzigeuza kuwa fimbo ya hariri na fimbo ya mwanga, na mfasiri asiyeiona mashine hana namna ya kujua kuwa si taa inayozungumziwa.

Kwa hiyo tuite nini? Fimbo ya kwanza haina shida: shafti ya thredi. Neno shafti lipo, thredi lipo, na mtu akiitazama mashine anaiona mara moja. Ya pili ndiyo iliyonisumbua. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa shafti laini. Lakini katika karakana, chuma laini ni chuma kisicho kigumu, kile kinachokatika kwa urahisi. Kijana akisoma "shafti laini" ataelewa kwamba amepewa onyo kuhusu ugumu wa chuma. Wengine wamependekeza shafti ya kulisha, kwa kufuata Kiingereza. Kwa mtu wa Dar, kulisha mashine ni kumimina mahindi kwenye mdomo wa kinu. Hakuna kinacholishwa kwenye leithi kwa maana hiyo. Kichina cha karakana, kile wanachosema mafundi wao wenyewe, hakisemi kulisha. Kinasema kukitembeza kisu. Na hilo ndilo Kiswahili kinalielewa bila maelezo. Shafti ya mwendo, basi, na kipimo chake ni mwendo wa kisu kwa mzunguko mmoja. Neno spidi tuliache kwa mzunguko wa chaki, kama linavyotumika tayari, ili maneno mawili yasigombanie kazi moja.

Nimeyataja majina mengine kwa kupita: toroli, chaki, kitanda, hendeli. Sioni sababu ya kuyabadilisha. Kitanda kinaitwa kitanda kwa Kichina, kwa Kiingereza na kwetu. Gia ni gia, beringi ni beringi. Wapo wanaodhani kazi ya mfasiri ni kuyafukuza maneno hayo na kuweka mengine ya asili ya Kibantu, na nakala zao zinasomeka vizuri kwenye kongamano. Fundi akifika mahali pameandikwa neno asilowahi kulisikia kwa kitu anachokishika kila siku, anaacha kusoma. Neno jipya ligharimiwe pale tu ambapo vitu viwili vinaitwa jina moja, au kitu muhimu hakina jina kabisa.

Kitu kisicho na jina kipo, tena ni cha hatari zaidi ya vyote katika mfano huu. Nyuma ya kibati cha mbele cha toroli kuna nati iliyopasuliwa katikati, vipande viwili. Ukishusha hendeli yake, vipande vinakutana na kuibana shafti ya thredi, na toroli linaanza kuvutwa. Ukiinua, vinaachana na toroli linasimama. Kichina huiita nati ya kufungua na kufunga. Kiingereza sahihi huiita nusu nati. Mafundi niliowauliza huishika hendeli na kusema "hii hapa".

"Nusu nati" ni jina baya kwetu, kwa kuwa fundi atatafuta nati iliyokatika. "Nati ya kufungua na kufunga" ni baya zaidi, maana kila nati duniani hufungwa na kufunguliwa kwa spana. Ukimwambia fundi "fungua nati", atachukua spana. Hapo ndipo kipimo cha amri kinaposaidia. Usiulize kifaa kiitwe nani. Uliza fundi ataambiwa afanye nini nacho, kisha sikiliza ni kitenzi gani kinachokuja chenyewe. Vipande viwili vinavyokutana na kuachana kama kope: hivyo hufumba na kufumbua. Fumba nati. Fumbua nati. Amri mbili, kila moja neno lake, hakuna spana inayoingia kichwani, na hakuna anayeweza kuzichanganya kwenye kelele. Jina likatoka kwenye amri: nati ya kufumba.

Nilimsomea amri hizo fundi mmoja mzee wa Vingunguti, mashine ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu, bila kumwonyesha mchoro. Nilisema tu, "Mzee wangu, fumba nati." Mkono wake ulikwenda kwenye hendeli sahihi. Baadaye akaniuliza kwa nini kitabu cha mwanzo kilisema afungue nati, kwani yeye alikuwa akidhani ni ya kibati cha pembeni na alishawahi kukifungua akitafuta kilichoandikwa. Hilo la kwake halikuharibu kitu. Lingine lingeharibu, nami nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwa nini tafsiri ya ukurasa huu haiwezi kuachiwa mtu asiyejua thredi inakatwaje.

Tuseme mteja ameleta kazi ya bolti za M20. Thredi ya kawaida ya M20 ina umbali wa milimita 2.5 kutoka jino hadi jino. Nauita umbali wa thredi, ingawa vitabu vingine vya Kiswahili huuita hatua, kwa sababu ya vitendo kabisa: kurasa hizi hizi zimejaa "hatua ya 1, hatua ya 2" za maelekezo, na anayesoma "hatua ya 2" hatajua kama anaambiwa afanye jambo la pili au akate thredi ya milimita 2.

Thredi haikatwi kwa mkato mmoja. Kisu kinapita mara nyingi, kila mara kikizama kidogo zaidi, na lazima kila safari kiingie kwenye njia ileile kilichoipita kwanza. Mwisho wa safari ya kwanza, fundi anataka kulirudisha toroli mwanzo. Njia ya haraka ni kufumbua nati, kulirudisha kwa mkono, kisha kufumba tena. Swali ni moja: akifumba tena, kisu kitaangukia njia ya kwanza?

Kwenye CA6140 shafti ya thredi yenyewe ina umbali wa milimita 12. Nati inaweza kufumba katika kila milimita 12, si katikati. Gawa 12 kwa 2.5, unapata 4.8. Maana yake, nati ikifumba sehemu moja mbele, kisu kimeruka njia nne na sehemu nane za kumi, kwa hiyo kinatua ubavuni mwa jino badala ya bondeni. Kikishuka kinakata thredi ya pili juu ya ile ya kwanza, na bolti ni chuma chakavu. Kati ya nafasi tano za kufumba, moja tu inaangukia njiani, kwani milimita 60 ndizo zinazogawanyika kwa 2.5 bila kubaki na desimali kwenye shafti hiyo. Hiyo moja ndiyo inayodanganya. Fundi aliyebahatika jana anaapa kwamba njia yake inafanya kazi, na leo anailaumu mashine kwamba imelegea.

Chukua sasa M16, ambayo umbali wake ni milimita 2. Kumi na mbili kwa mbili ni sita kamili. Fumbua utakavyo, fumba utakapo, kisu kitarudi njiani. M24 ina milimita 3, inatoa nne kamili. Kwa hiyo fundi anaweza kufanya kazi mwezi mzima bila tatizo, kisha aikute M20 na aharibu vipande vitatu mfululizo.

Kitabu cha Kichina kinalisema hili kwa sentensi moja kavu: ikiwa umbali wa shafti si kizidishe kamili cha umbali wa kazi, nati isifumbuliwe, itumike njia ya kwenda mbele na kinyume. Kosa lenyewe wanaliita meno kuvurugika. Kwa kuwa Kichina hutaja matokeo, nami nilitaka jina linalotaja kisu kilichofanya nini, nimelifasiri kisu kupotea njia. Na sentensi kavu niliipanua, kwa kuwa fundi aliyesimama mbele ya mashine hahitaji neno kizidishe, anahitaji hesabu anayoweza kuifanya kwa simu yake:

"Gawa 12 kwa umbali wa thredi unayotaka kukata. Ukipata namba kamili, unaweza kufumbua nati kila mwisho wa mkato. Ukipata desimali, usifumbue nati mpaka thredi ikamilike. Mwisho wa kila mkato vuta kisu nje, simamisha chaki, kisha iendeshe kinyume mpaka toroli lirudi mwanzo."

Baada yake nikaongeza jambo ambalo kitabu hakina: mkato wa kwanza uwe mwepesi kama mkwaruzo, na wa pili vilevile, kisha mashine isimame na fundi atazame. Ukiona mstari mmoja, kisu kiko njiani. Ukiona miwili, kimepotea, na kazi bado inaokoka kwa kuwa hujazama. Najua wapo wenzangu watakaosema mfasiri hana ruhusa ya kuongeza. Kwenye shairi, nakubali. Kwenye kitabu cha mashine, nyongeza inayoandikwa wazi kuwa ni ya mfasiri, iliyothibitishwa na fundi, ni haki ya msomaji. Na namba 12 isinakiliwe kwa kufuata mazoea. Leithi nyingine za Kichina zina shafti yenye umbali mwingine, hivyo ukurasa ulio karibu na mashine ubebe namba ya mashine hiyo.

Kuna kitu kingine kinachopotea njiani, nacho ni uzito wa amri. Lugha ya kiufundi ya Kichina inapanga ngazi zake kwa uangalifu: kuna marufuku kabisa, kuna lazima, kuna neno la wajibu wa kawaida, na kuna la kinachofaa zaidi. Kiingereza cha kasha mara nyingi hukusanya ngazi hizo na kuziweka kwenye neno moja lenye sauti ya ushauri, na Kiswahili kinachotoka hapo kinasema "inashauriwa" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Angalia sentensi ya glovu. Kwa Kichina ni marufuku kabisa kuendesha leithi ukiwa umevaa glovu, kwa sababu kitambaa kikinaswa na chaki kinauvuta mkono mzima. Ikifika kwa fundi kama "inashauriwa kutovaa glovu", inapingana na bango lililo ukutani nyuma yake linalomwambia avae vifaa vya kinga, na bango litashinda. Katika nakala yangu neno "marufuku" limehifadhiwa kwa sentensi zile tu ambazo Kichina kimesema marufuku. Likitumika kila mahali, litakuwa pambo.

Kwa sababu hiyohiyo kifaa cha kubanulia chaki nimekiita spana ya chaki, kama Kichina kinavyokiita, wala si ufunguo wa chaki. "Toa ufunguo kabla ya kuwasha" ni amri inayojipinga kwa mtu aliyezoea kwamba ufunguo ndio unaowashia. "Toa spana kwenye chaki kabla ya kuwasha" haina njia mbili. Spana hiyo ikiachwa ndani na mashine ikawaka, inaruka kama risasi.

Na kuna mahali ambapo kila neno limefasiriwa sawasawa na bado fundi anapotoshwa. Vitabu vya zamani vinaagiza boksi la gia lijazwe oili ya mashine namba 30. Fundi akisoma hivyo anakwenda dukani na kununua oili ya injini iliyoandikwa SAE 30, na hakuna atakayemlaumu. Lakini namba 30 ya Kichina cha zamani ni kipimo kingine cha uzito wa oili. Inalingana na ile inayoandikwa leo ISO VG 46. SAE 30 inakaribia ISO VG 100, yaani nzito takriban mara mbili. Mashine itazunguka, lakini boksi litapata joto kuliko inavyotakiwa, na oili haitafika upesi kwenye beringi asubuhi. Tafsiri sahihi ya "namba 30" hapo ni "oili ya mashine ISO VG 46, si oili ya injini". Mfasiri asiyeuliza namba hiyo inapimwa kwa nini atakuwa ameinakili tu.

Waagizaji wa mashine hulipa tafsiri kwa ukurasa, na huipeleka Kiingereza kwa sababu wafasiri wa Kiingereza ni wengi na bei yao iko chini. Nadhani hapo ndipo pa kubadilisha. Kiwanda cha China kina nakala ya Kichina na michoro yenye namba za vifaa. Muagizaji aviombe vyote viwili kabla ya kulipa salio la mwisho, kwa kuwa baada ya hapo barua zake zitajibiwa polepole. Mfasiri apewe mashine moja iliyosimamishwa na fundi mmoja wa kuwa naye. Dar ina watu wanaosoma Kichina, na ina walimu wa ufundi VETA Chang'ombe na karakana za SIDO pale Vingunguti ambao mikono yao inazijua leithi hizi. Wakikaa watatu mbele ya mashine moja, kitabu cha kurasa za kawaida kinawezekana.

Kuhusu usanifishaji, mpangilio uende kutoka karakana kwenda BAKITA, si kinyume. Majina kama shafti ya mwendo na nati ya kufumba yatumike kwanza kwenye nakala chache, mbele ya mafundi wasiohusika kuyabuni, mashine ikiwa imezimwa, msomaji mmoja akisoma amri na mwingine akitazama mkono unakwenda wapi. Mkono ukisita, neno linawekewa alama na kujadiliwa upya. Yale yatakayopita ndiyo yapelekwe Baraza yakiwa na mchoro na namba ya kifaa, na sentensi ya amri ambamo yalitumika, kwa sababu wajumbe nao wanastahili kulipima neno likiwa kazini.